Nodi tano: kura tatu au nne? Mtandao wa wanaojuana unavyokubaliana bila uchimbaji

Ukimuuliza mtu anayeanzisha blokicheni ya washirika watano ni saini ngapi zitoshe kupitisha bloku, jibu huja upesi: tatu, kwa sababu tatu ndiyo wingi wa tano. Jibu hilo ni sahihi kama unachokiogopa ni seva kuzimika tu. Ukiogopa pia kwamba mmoja wa washirika anaweza kusaini mambo mawili yanayopingana, tatu haitoshi, inabidi ziwe nne. Makala hii inahusu kura hiyo moja ya ziada: inatoka wapi, inazuia nini, na inakudai nini siku seva zinapoanza kudondoka.

Uchimbaji upo kwa sababu Bitcoin haijui washiriki wake ni akina nani. Mtu mmoja angeweza kujitokeza na nodi elfu moja akapiga kura elfu moja, kwa hiyo haki ya kuandika bloku ikafungwa kwenye umeme na mashine, vitu visivyoghushika. Washiriki wakijulikana, tatizo hilo halipo. Orodha ya anwani zao imo kwenye bloku ya mwanzo, kila bloku inabeba saini, na asiye kwenye orodha hasikilizwi. Linalobaki ni swali jingine: hao wanaojulikana watakubalianaje kwamba bloku namba 1,000 ni hii na siyo ile, huku ujumbe ukichelewa, seva moja ikiwa imekufa, na mmoja wao pengine si mwaminifu?

Kwa swali hilo kuna majibu ya aina mbili, na watu huyachanganya mno. La kwanza huitwa uthibitisho wa mamlaka, na mfano wake maarufu kwenye Ethereum ni Clique, iliyoandikwa kama pendekezo la kuboresha Ethereum, EIP-225, mwaka 2017 baada ya mtandao wa majaribio wa Ropsten kuvurugwa. Ropsten ulikuwa wa uchimbaji, lakini nguvu yake ya uchimbaji ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu yeyote mwenye mashine za kutosha aliweza kuuteka. Rinkeby uliofuata ulitumia Clique. Aina ya pili ni itifaki za kura zinazostahimili hitilafu za Kibizantini, yaani za nodi inayoweza kudanganya, siyo kuzimika tu. Mzizi wake ni PBFT ya Castro na Liskov ya mwaka 1999, na vizazi vyake kwenye Ethereum ni IBFT na QBFT.

Clique ni nyepesi kwa makusudi. Wathibitishaji, yaani nodi zenye haki ya kusaini bloku, hupokezana kwa zamu: ukigawa namba ya bloku kwa idadi ya wathibitishaji, baki ndilo linaloonyesha zamu ni ya nani. Mwenye zamu akisaini, bloku yake inapewa uzito wa 2. Asiye na zamu anaruhusiwa kusaini pia endapo mwenye zamu amechelewa, ila husubiri kidogo kwa muda wa kubahatisha, na bloku yake ina uzito wa 1. Mnyororo wenye jumla kubwa ya uzito ndio unaofuatwa. Sharti kuu ni moja: katika kila mfululizo wa bloku ⌊N/2⌋+1, N ikiwa idadi ya wathibitishaji, mthibitishaji anaweza kusaini moja tu. Kwa nodi tano mfululizo huo ni wa bloku tatu, yaani aliyesaini lazima apumzike kwa bloku mbili zinazofuata. Matokeo yake ni kwamba mnyororo hauendelei bila nodi tatu kushiriki. Ndiyo ile tatu ya jibu la haraka.

Tuipime sasa. Wathibitishaji ni A, B, C, D na E. Mtandao unakatika katikati: A na B wanaonana wenyewe kwa wenyewe, C na D vilevile, lakini pande hizo mbili hazionani. Kwa haki, kila upande ungesimama baada ya bloku mbili, kwa sababu watu wawili hawawezi kutimiza mapumziko. Ila E ameweka ufunguo wake kwenye seva mbili, moja kila upande. Upande wa kwanza wanapokezana A, B na E. Upande wa pili C, D na E. Pande zote mbili zinaendelea kutengeneza bloku, na hakuna nodi hata moja inayoona kasoro, maana kila mnyororo ukiutazama peke yake umefuata kanuni zote.

Kwenye upande wa kwanza, E anamlipa muuzaji tokeni 500. Muuzaji ni mwangalifu, anasubiri bloku 10 zipite ndipo aachie mali. Kwenye upande wa pili, tokeni zilezile E amejihamishia kwenye akaunti yake nyingine. Mawasiliano yanaporudi, nodi zinalinganisha uzito, na E kwa kuchagua lini asaini na lini anyamaze ana nafasi nzuri ya kuufanya mnyororo wa pili uwe mzito zaidi. A na B wanatupa bloku zao zote za muda ule na kufuata mpya. Malipo ya muuzaji yametoweka. Kwenye logi utaona tu taarifa ya kupangwa upya kwa mnyororo, tena haiandikwi kama kosa.

Shambulio hili lilichambuliwa na watafiti Ekparinya, Gramoli na Jourjon. Kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, mwongo mmoja anatosha bila kujali nodi ni ngapi. Kwa idadi shufwa wanahitajika wawili. Mimi sioni kwamba hatari kubwa ni mshirika mwenye nia mbaya. Hatari ya kila siku ni fundi mwenye nia njema aliyewasha seva ya akiba yenye ufunguo uleule, ili ya kwanza ikifa ya pili ishike mara moja. Amekwisha kumtengeneza E bila kujua. Ufunguo wa mthibitishaji haukai kwenye mashine mbili zilizowashwa kwa pamoja, hata kwa dakika tano za kuhamisha seva.

Turudi kwenye hesabu. Vikundi viwili vyenye saini q kila kimoja, vikichukuliwa kutoka nodi N, lazima viwe na washirika wa pamoja wasiopungua 2q−N. Kwa nodi tano na saini tatu, wa pamoja ni mmoja. Akiwa huyo mmoja ndiye mwongo, hakuna mwaminifu aliyeona pande zote mbili, na bloku mbili tofauti zinaweza kupita katika namba moja. Ongeza kura moja: saini nne kati ya tano zinatoa wa pamoja watatu, na hata mmoja wao akidanganya wanabaki wawili waaminifu ambao hawatasaini mara mbili. Kwa mfano wetu, upande wa A, B na E una saini tatu, upande wa C, D na E una tatu, na nne hazipatikani popote. Mtandao unasimama wote mpaka waya urudi. Muuzaji angeona malipo hayajapita, na mali ingebaki dukani.

Sharti la pili linavuta upande mwingine: kura zinazotakiwa zisizidi idadi ya waaminifu, la sivyo mwongo akinyamaza tu mtandao unakwama. Ukiunganisha masharti hayo mawili, unapata kanuni inayojulikana ya kwamba ili kustahimili waongo f unahitaji nodi zisizopungua 3f+1. Nne kwa mwongo mmoja, saba kwa wawili. Kuna wanaosema saini za kidijitali zinaondoa sharti hili. Zinaliondoa pale tu ambapo una uhakika kila ujumbe utafika ndani ya muda fulani. Kwenye mtandao unaoweza kuchelewa bila kikomo kinachojulikana, theluthi inabaki palepale hata kila neno likisainiwa. Hilo lilithibitishwa na Dwork, Lynch na Stockmeyer mwaka 1988.

Hesabu hii ni rahisi kuikosea. IBFT ya kwanza, iliyopendekezwa mwaka 2017 kama EIP-650, ilitaka saini 2f+1. Kwa nodi nne au saba inafanya kazi vizuri. Weka tano: f bado ni 1, saini zinazotakiwa ni tatu, na umerudi kwenye shimo la Clique. Weka sita: saini tatu kati ya sita, na vikundi viwili vinaweza visiwe na hata mtu mmoja wa pamoja, kwa hiyo mtandao ukikatika katikati unaweza kuzaa bloku mbili bila mwongo yeyote. Saltini na Hyland-Wood walilieleza hilo katika uchambuzi wao wa 2019, na IBFT 2.0 pamoja na QBFT zinatumia theluthi mbili ya N, ikikadiriwa kwenda juu. Nne zinataka saini 3, tano zinataka 4, sita zinataka 4 vilevile, saba zinataka 5. Iangalie hiyo sita vizuri, tutairudia.

Kura zenyewe zinapigwa mara mbili kwa kila bloku. Mwenye zamu anatangaza bloku yake. Kila nodi inaikagua, ikiridhika inawatumia wenzake wote ujumbe wa maandalizi. Nodi iliyopata maandalizi manne kati ya tano inahesabu bloku hiyo imeandaliwa, inautunza ushahidi wa saini hizo, kisha inatuma ujumbe wa kukubali ukiwa na saini yake ya mwisho. Zikifika saini nne za kukubali, bloku inaingia kwenye mnyororo na haitoki tena. Hakuna kusubiri bloku 10.

Kwa nini mara mbili? Chukua hali hii. Nodi A imepata maandalizi manne, lakini kabla wengine hawajayapata, mtandao unachafuka na muda unaisha. Kama itifaki ingekuwa na kura moja tu, A angekuwa amekwisha kuandika bloku, huku wenzake wakimpisha kiongozi mpya ambaye angeleta bloku nyingine kwa namba ileile. Kura ya pili inahakikisha kwamba hakuna anayeandika bloku kabla nodi nne hazijasema zina ushahidi wa maandalizi mkononi. Raundi ikibadilika, kiongozi mpya lazima akusanye ujumbe wa kubadili raundi kutoka nodi nne, kila mmoja ukieleza kama mtumaji ana ushahidi wowote. Nne hizo na zile nne za awali zinakutana kwa watatu, wawili wao angalau ni waaminifu, kwa hiyo ushahidi lazima utatokea. Kiongozi analazimika kuirudisha bloku ileile, na akileta nyingine wenzake wanaikataa. Hesabu ya wa pamoja ndiyo inayofanya kazi tena, safari hii kati ya raundi na raundi.

Kwenye Hyperledger Besu, programu ya kuendesha nodi za Ethereum, mipangilio ya QBFT ndani ya faili la bloku ya mwanzo ni mifupi:

```json
"qbft": {
  "blockperiodseconds": 5,
  "epochlength": 30000,
  "requesttimeoutseconds": 10
}
```

Bloku inalengwa kila sekunde 5. Raundi ya kwanza ikipita sekunde 10 bila makubaliano, nodi zinahamia raundi inayofuata na kiongozi mwingine. Muda huo hujirudufu kila raundi: 10, 20, 40, 80. Sababu ni kwamba nodi haiwezi kujua kama mwenzake amekufa au amechelewa tu, hivyo inampa nafasi kubwa zaidi kila mara mpaka ujumbe uwahi.

Dalili ya mthibitishaji mmoja kufa inaonekana kwenye mihuri ya saa. Tuseme E amekufa. Bloku zitakuja kawaida, kisha kila zamu ya E ikifika kutakuwa na pengo la zaidi ya sekunde 10, halafu bloku inatoka kwa anayemfuata. Pengo linalojirudia kwa mpangilio uleule ni nodi moja iliyolala. Mapengo yasiyo na mpangilio mara nyingi ni mtandao wa polepole, au bloku nzito zinazochukua muda kukaguliwa. Amri `qbft_getSignerMetrics` inakuonyesha kila mthibitishaji amependekeza bloku ngapi, na anayebaki nyuma ndiye wa kumfuata.

Mwelekeo wa wengi wakimwona E amelala ni kusema tuongeze nodi ziwe saba, tustahimili hitilafu mbili. Hapa ndipo mitandao inapojinyonga. Kura ya kumwingiza mtu hupigwa na zaidi ya nusu ya wathibitishaji waliopo, na kila kura husafiri ndani ya bloku ambayo mpigaji ameipendekeza mwenyewe:

```json
{"jsonrpc":"2.0","id":1,
 "method":"qbft_proposeValidatorVote",
 "params":["0xANWANI_YA_F", true]}
```

A, B, C na D wanamwingiza F. Sasa N ni sita, saini zinazotakiwa ni nne, walio hai ni wanne. Mnyororo unaendelea, ingawa F bado anapakua bloku za zamani na hajashiriki chochote. Kila mtu anaona mambo shwari. Wanamwingiza G. Sasa N ni saba, saini zinazotakiwa ni tano, na walio hai bado ni wanne walewale. Bloku iliyopitisha kura ya G ndiyo ya mwisho kutoka. Kuipiga kura ya kumtoa G haiwezekani, kwa maana kura husafiri ndani ya bloku na bloku hazipo.

Kama F au G anaendelea kupakua, subira inatosha: akimaliza anashiriki, saini zinafika tano, mnyororo unaamka. Hali mbaya ni pale anwani yenyewe ilipokosewa. Kwenye Besu anwani ya mthibitishaji inatokana na ufunguo wa nodi, siyo na akaunti ya malipo ya mwendeshaji, na si ajabu mtu akatuma ile ya pochi yake. Mtandao utaipokea bila kulalamika, kwa kuwa anwani ni anwani tu. Ipate anwani sahihi kwenye seva yenyewe kwa `besu public-key export-address`, na kabla ya kura hakikisha nodi imefika bloku ya mwisho na inawaona wenzake wote. Na kwa mfano huu, hatua ya kwanza ilikuwa kumtoa E. Wanne hai wanabaki wanne kati ya wanne, saini zinazotakiwa ni tatu, na umepata nafasi ya kupumua kabla ya kuongeza mtu.

Ukishakwama na hakuna nodi ya kufufua, njia iliyobaki ni kusimamisha nodi zote, kuandika orodha mpya ya wathibitishaji ndani ya `config` ya faili la bloku ya mwanzo kuanzia namba ya bloku inayofuata, na kuziwasha kwa faili lilelile:

```json
"transitions": {
  "qbft": [
    { "block": 120001,
      "validators": ["0xA...", "0xB...", "0xC...", "0xD..."] }
  ]
}
```

Hapo makubaliano yamefanywa na binadamu kwa simu, nje ya itifaki. Mmoja akiwasha na faili la zamani, ataikataa bloku 120001 na kubaki peke yake.

Kuna mtego mwingine baada ya kusimama kwa muda mrefu. Tuseme saini zilikosekana usiku kucha, saa nane mfululizo, yaani sekunde 28,800. Raundi 11 za kwanza, namba 0 hadi 10, zilikula jumla ya sekunde 20,470. Nodi zilizo hai sasa ziko kwenye raundi namba 11, ambayo peke yake ni sekunde 20,480. Seva iliyokufa inawashwa asubuhi, inaanza na raundi namba 0, na haikutani na wenzake. Unaweza kusubiri zaidi ya saa tatu ukidhani tatizo ni ukuta wa moto. Anzisha upya wathibitishaji wote kwa wakati mmoja ili warudi raundi namba 0 pamoja.

Sasa ile sita. Nodi tano kwenye vituo viwili vya data, tatu na mbili: kituo chochote kikizimika, mtandao umesimama, kwa kuwa hata tatu zilizobaki hazifiki nne. Zigawe kwenye vituo vitatu, mbili, mbili na moja: kituo chenye mbili kikienda, zinabaki tatu, umesimama vilevile. Nodi saba kwenye vituo vitatu lazima kimoja kiwe na tatu, kikianguka zinabaki nne na zinatakiwa tano. Lakini sita, mbili kila kituo, zinavuka: kimoja kikizimika zinabaki nne, na nne ndizo zinazotakiwa. Kwa waongo bado zinastahimili mmoja tu, kwa kuzimika zinastahimili mbili. Kwa kadiri ninavyoona, huo ndio mpangilio mdogo kuliko yote unaofaa kazi ya kweli, na ukitaka kukua, tisa kwa tatu-tatu zinafuata mantiki hiyohiyo.

Hapo nimehesabu mashine. Kwa waongo lazima uhesabu mikono. Nodi mbili za kampuni moja, zenye msimamizi mmoja mwenye nenosiri la zote mbili, ni mwongo mara mbili akiamua kuwa mwongo, na kati ya sita hilo linazidi f. Saini nne na nne zinakutana kwa wawili, na hao wawili wanaweza kuwa wake. Kwa hiyo sita zako ziwe za wamiliki sita, kila mmoja na ufunguo asioufikia mwingine, na wawili wanaotumia kituo kimoja cha data wasitumie akaunti moja ya wingu.